Taya lililokaza na mabega yaliyopanda

Mama, mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, nina miaka 38 na watoto watatu. Tangu Desemba nashona sare za shule mchana na usiku, maana Januari ndiyo msimu wetu. Sasa nikiamka asubuhi taya linauma kama mtu aliyetafuna miwa usiku kucha. Panja zinagonga, masikio yanauma kwa ndani, na mabega yamekuwa magumu hata kugeuka nione nani kaingia ni kazi. Nilienda kwa daktari wa masikio, hakuona kitu. Daktari wa meno kaniambia nasaga meno usingizini, magego yameanza kulika, akanishauri nipunguze mawazo. Mama yangu anaumwa, wateja wawili wamechukua sare hawajalipa, mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nipunguze mawazo yapi, nibakize yapi? Kila mtu ananiambia nitulie, nilegeze mwili. Najaribu kulegeza, naona ndiyo kwanza nazidi kukaza. Naomba unisaidie.
Fundi wa Ngamiani

Mwanangu, pole kwa kuuguza, na pole kwa hao waliokuachia deni. Mimi siwezi kumponya mama wala kukudaia fedha zako, na zoezi nitakalokuelekeza leo halitaondoa hata moja kati ya hayo. Ila taya na mabega yako yanaweza kupumzika hata kabla kodi haijalipwa, na hilo ndilo nitakalokufundisha hatua kwa hatua.

Nianze na ile sentensi yako: najaribu kulegeza, nazidi kukaza. Hukukosea popote, ndivyo misuli ilivyo. Msuli uliokaa umekaza kwa wiki nyingi huacha kuhisiwa. Mwenyewe hupati habari zake mpaka uanze kuuma, na hata hapo unachohisi ni maumivu, ule mkazo wenyewe huuoni. Sasa mtu akikwambia ulegeze kitu usichokihisi, utafanya nini? Utajitahidi, na kujitahidi huko nako kunafanywa na misuli.

Aliyelitambua jambo hili mapema na kulifanyia kazi ni daktari wa Marekani, Edmund Jacobson. Alipima umeme mdogo unaotoka kwenye misuli na kuona kwamba mtu anayedhani amepumzika kabisa, misuli yake inaweza kuwa bado inafanya kazi. Mwaka 1929 alichapisha kitabu kuhusu njia yake. Hakumwambia mgonjwa alegee. Alimwambia aukaze msuli mmoja kwa makusudi, autazame kwa akili mpaka aujue mkazo ulivyo, halafu aache kuukaza. Basi. Alisisitiza kwamba kulegea si tendo la kufanya, ni kuacha kufanya. Wanafunzi wake walichukua miezi mingi. Baadaye Joseph Wolpe, daktari wa akili aliyezaliwa Afrika Kusini, aliifupisha njia hiyo, na mwaka 1973 wanasaikolojia wawili, Bernstein na Borkovec, wakatoa mwongozo wa makundi 16 ya misuli ambao wengi wetu tunaofundisha zoezi hili bado tunaufuata. Wewe sitakupa yote 16. Nitakupa mkono, bega, uso na taya, kwa mpangilio huo, na nitakueleza kwa nini taya ninaliweka mwisho.

Kabla ya zoezi, niulize jambo la kibandani kwako. Je, unabana pini kwa midomo au kwa meno unaposhona? Hukuandika, lakini ni desturi ya mafundi wengi. Kama unafanya hivyo, acha leo. Ukibana pini, taya haliwezi kulegea kwa saa zote hizo, na mwili unajifunza kwamba kushona na kubana ni kazi moja, kiasi kwamba hata siku usiyokuwa na pini mdomoni taya litakaza ukikaa tu kwenye cherehani. Tena pini inaweza kumezwa au kuvutwa na pumzi. Jitengenezee kifuko kidogo cha pini, ukijaze vipande vya kitambaa, ukifunge kwenye kifundo cha mkono wa kushoto kama saa. Tazama pia urefu wa meza. Viwiko vikikaa chini ya meza, lazima mabega yapande ili mikono ifikie kitambaa. Weka mto mgumu kwenye kiti mpaka viwiko vilingane na meza au viizidi kidogo. Zoezi ninalokupa ni la dakika 20. Haliwezi kushinda saa kumi na mbili za kukaa vibaya.

Sasa tuujue msuli wenyewe. Weka ncha za vidole kwenye shavu, chini ya sikio na mbele kidogo, pale kwenye kona ya taya. Gusanisha magego ya juu na ya chini, uyabane taratibu, kisha uachie. Utahisi kitu kinavimba chini ya vidole na kurudi. Huo ndio msuli mkuu wa kutafunia. Sogeza vidole kwenye panja ufanye hivyo tena. Pale napo panavimba, kwa kuwa msuli mwingine wa kutafunia umetandazwa ubavuni mwa kichwa. Hapo pengine ndipo panapotoka kugonga kwa panja zako. Na kiungo cha taya kiko mbele kabisa ya tundu la sikio, ndiyo maana watu wengi huja wakilalamikia sikio na daktari wa masikio asione kitu.

Mabega nayo yana msuli mpana unaoanzia kisogoni, unashuka shingoni na kushika ncha ya bega. Kazi ya sehemu yake ya juu ni kupandisha bega. Ukiinamia cherehani, kichwa kikatangulia mbele, msuli huo unashika bega na kusaidia kushikilia kichwa kwa pamoja. Kichwa kikikaa mbele, misuli ya chini ya kidevu inavutika na taya linabadili mkao, basi misuli ya kutafunia inaingia kazini kulishikilia. Ndiyo maana mabega na taya mara nyingi huumwa pamoja, na ndiyo maana ukitaka kulegeza taya wakati mabega bado yamepanda, utahangaika.

Chagua wakati wa zoezi usiokuwa wa kulala. Wengi hulifanya kitandani, wanasinzia kwenye kundi la pili la misuli, na kwa kweli wanapata usingizi mzuri. Lakini hawajajifunza kitu, na kesho taya linakaza vilevile kibandani. Kwa wiki mbili za mwanzo lifanye ukiwa umekaa, mara mbili kwa siku ukiweza: asubuhi kabla ya kufungua kibanda na jioni kabla ya chakula. Ikishindikana, mara moja kila siku ni bora kuliko mara tano Jumapili. Tafuta kiti chenye egemeo, kisogeze ukutani ili kichwa kipate pa kuegemea. Nyayo zote mbili chini. Legeza kitenge kiunoni na mtandio shingoni, vua miwani, simu iache chumba kingine. Waambie watoto usisumbuliwe kwa dakika 20, na mkubwa awe mlangoni.

Fumba macho. Vuta pumzi mara mbili tatu, za kawaida tu.

Anza na mkono wa kulia. Kunja ngumi, si kwa nguvu zako zote, nusu yake inatosha. Ibane kwa sekunde 5 hadi 7; hesabu polepole moyoni mpaka saba. Katika sekunde hizo usifanye kingine ila kutazama kwa akili mkazo uko wapi: kwenye vifundo vya vidole, kwenye kiganja, unapanda mpaka ndani ya kigasha. Halafu acha. Nasema acha, sisemi fungua. Usikunjue vidole kimoja kimoja, usiushushe mkono taratibu. Acha ghafla, kama aliyekatiwa umeme, mkono uanguke pajani. Sasa kaa sekunde 30 hadi 40 ukiutazama unavyokuwa. Utahisi joto, au uzito, au kuwashwawashwa kidogo, au hutahisi kitu. Yote sawa. Ulinganishe na mkono wa kushoto ambao bado hujaugusa. Rudia mara ya pili, kisha fanya wa kushoto.

Umeniandikia kuhusu taya nami nakufundisha ngumi, kwa sababu mkono ndio kiungo unachokijua kuliko vyote. Wewe ni fundi, vidole vyako vinatambua uzi uliolegea na uliovutwa bila kutazama. Mkononi utaijua haraka tofauti ya kukaza na kuacha, kisha utaibeba tofauti hiyo mpaka kwenye mabega na taya, ambako haionekani kwa urahisi. Mtu akianzia kwenye taya huishia kulifinya na kulisukuma bila kujua anatafuta nini.

Sasa mabega. Yapandishe yote mawili kuelekea masikioni, tena kwa nusu ya nguvu. Pale juu, kabla ya kuhesabu, jikague mara moja: meno yamegusana? Pumzi umeishika? Karibu kila mtu hufanya yote mawili siku ya kwanza. Tenganisha meno, endelea kupumua, mabega yabaki juu. Hii ni sehemu ngumu na ndiyo yenye faida kubwa kwako, maana unajifunza kukaza bega bila kukaza taya, jambo ambalo mwili wako umelisahau. Ukifika saba, acha mabega yaanguke yenyewe. Usiyavute chini. Nimeona watu wengi wakiyashusha kwa adabu, polepole, na kumbe huko kushusha ni msuli uleule unaofanya kazi njia nzima. Yakianguka kweli, wengine husikia hata pumzi ikitoka yenyewe.

Kaa sekunde 40. Usitazame tu kama yamelegea. Tazama kama yanaendelea kulegea, kwa sababu msuli haumaliziki kwa mara moja. Unashuka kidogo, unatulia, unashuka tena. Ukirudia mara ya pili, pandisha kwa robo tu ya nguvu. Sababu ya kupunguza ni kwamba mkazo unaokuumiza kibandani ni mdogo, haufanani na ule wa kubeba ndoo. Lazima ujifunze kuutambua ukiwa mdogo vilevile. Jacobson mwenyewe alifundisha hivyo, kukaza kidogo na kidogo zaidi mpaka mtu auhisi mkazo ambao jicho haliuoni.

Shingo sitaki uizungushe wala kuipinda nyuma. Sukuma kisogo kidogo ukutani kwa sekunde 5, acha, pumzika, inatosha. Uso wa juu nao tupite haraka: inua nyusi paji likunjane, acha, kisha fumba macho kwa kuyabana, acha. Mara moja moja tu.

Tumefika kwenye taya. Hapa ndipo maelekezo ya kawaida ya zoezi hili yanapoweza kukuumiza wewe, kwa hiyo nisikilize vizuri. Miongozo mingi husema uma meno kwa nguvu. Kwa mtu mwenye meno mazima na kiungo kisichouma, si kitu. Wewe magego yamelika. Sitaki uyaume kwa nguvu hata mara moja.

Fanya hivi. Tenganisha meno kidogo, funga midomo bila kuibana. Inua ulimi wote, uubandike kwenye kaakaa na kuusukuma juu taratibu kwa sekunde 5. Utahisi mkazo chini ya kidevu na kwa mbali kwenye mashavu na panja. Acha. Ulimi ushuke, taya lining'inie kwa uzito wake. Likae hivyo sekunde 40 nzima, hata kama unajiona umekaa vibaya. Hapo wengi hushangaa kugundua kwamba taya halitaki kuning'inia. Linashuka kidogo kisha linashikwa tena, mara nyingine hata linatetemeka. Usilisukume. Kutambua kwamba limeshikwa ni nusu ya kazi. Ujiulize tu ninalishika kwa wapi, uende na akili mpaka pale, usubiri.

Mara ya pili weka ngumi chini ya kidevu. Jaribu kufungua mdomo huku ngumi ikizuia, kwa nguvu ndogo sana, taya lisisogee. Sekunde 5, kisha acha vyote viwili kwa pamoja, mkono na taya. Ukisukuma hivyo, misuli inayofungua taya ndiyo inayofanya kazi, na ile inayolifunga, ambayo ndiyo imechoka, inapata nafasi ya kupumzika. Kama kiungo kinalia na kuuma unapofanya hivyo, acha hatua hii, baki na ya ulimi.

Halafu kuna pozi la mwisho, ambalo ndilo utakalokwenda nalo kibandani. Tamka sauti ya n, kama unayetaka kusema nana, ubaki pale kwenye n. Ncha ya ulimi iko nyuma kidogo ya meno ya mbele ya juu, si ndio? Uache ulimi pale bila kusukuma, midomo ifungwe kwa wepesi, na meno ya juu na ya chini yasigusane. Hapo katikati pana nafasi ya milimita 2 hadi 4 tu; mtu wa nje hawezi kuiona. Huo ndio mkao wa taya lililopumzika. Watu wengi hudhani meno yanatakiwa kukaa yamefungwa, kumbe meno hukutana wakati wa kutafuna na kumeza tu, na kwa makadirio ya madaktari wa meno muda huo wote ukijumlishwa haufiki dakika 20 kwa siku nzima. Meno yakigusana saa nzima ukiwa unashona, hata bila kusaga, tayari misuli imefanya kazi ya siku kadhaa.

Maliza kwa kupita mwilini kwa akili, mikono, mabega, paji, taya, bila kukaza chochote. Panapobaki pagumu, rudia pale mara moja na usizidi. Fumbua macho, kaa dakika moja kabla ya kusimama, maana wengine hupata kizunguzungu wakinyanyuka ghafla.

Nikueleze jinsi zoezi hili linavyoharibika, nikitumia mfano wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi niliyemfundisha. Alikuja na taya kama lako. Baada ya siku chache akarudi akisema kichwa kinamuuma zaidi. Nilimwomba afanye mbele yangu. Alikaza mpaka uso ukawa mwekundu, mishipa ya shingo ikasimama, pumzi ikakatika. Alihesabu saba kwa haraka, akaachia kidogokidogo, akapumzika kwa sekunde tano, akaanza tena. Kwa hesabu hiyo alikuwa anajenga misuli, hakuwa analegeza kitu. Tulipunguza nguvu mpaka theluthi, tukarefusha muda wa kupumzika mpaka ukawa mara tano au sita ya muda wa kukaza, na nikamtaka aseme maneno matatu kwa sauti wakati amekaza bega, kuthibitisha kwamba anapumua. Kichwa kikatulia. Nawe ukiona zoezi linakuachia maumivu yanayozidi kesho yake, jibu la kwanza ni kupunguza nguvu, la pili ni kurefusha mapumziko. Msuli ukishikwa na mkakamao, achia papo hapo, usisubiri kufika saba.

Kuna jambo jingine linalotisha watu na halisemwi vya kutosha. Mtu aliyejishikilia kwa muda mrefu akianza kuachia, wakati mwingine wasiwasi unapanda badala ya kushuka: moyo unaenda mbio, machozi yanatoka, anahisi kama anaanguka. Likikutokea, fumbua macho, bonyeza nyayo sakafuni, taja vitu unavyoviona chumbani. Siku inayofuata fanya mikono tu, macho wazi, kwa dakika 5, uongeze taratibu. Kama kila ukijaribu wasiwasi unarudi kwa nguvu, usijilazimishe peke yako. Zungumza na mtaalamu wa afya ya akili au mhudumu wa afya unayemwamini.

Baada ya wiki mbili hivi utakuwa umeanza kuujua mkazo mdogo. Hapo punguza. Acha ngumi na paji, baki na mabega na taya, dakika 7 au 8. Wiki inayofuata jaribu bila kukaza kabisa: kaa, kumbuka jinsi mabega yalivyoanguka baada ya kukaza, uyaache yaanguke hivyo. Yakikubali, umefika mahali pazuri. Yakikataa, rudi kukaza siku chache, hakuna haraka.

Halafu lihamishie kwenye cherehani. Usitegemee kukumbuka, kwa sababu kazi ikikolea hutakumbuka. Lifunge kwenye jambo unalolifanya kila mara. Kila unapobadilisha bobini, kabla hujaweka nyingine, tamka ile n, tenganisha meno, pandisha mabega kidogo, yaache yaanguke, weka bobini, endelea. Hakuna mteja atakayejua. Mwanzoni utakuta meno yamegusana karibu kila bobini, na usikate tamaa kwa hilo. Baadaye utaanza kujishika unakaza hata kabla uzi haujaisha. Ukifika hapo jua kwamba kuhisi kumerudi.

Nisikufiche mipaka ya zoezi. Kusaga meno usingizini hakuendeshwi na hiari, na siwezi kukuahidi kwamba kulegeza misuli mchana kutakukomesha kusaga usiku. Kinachotarajiwa ni kubana kwa mchana kupungua, misuli kuingia kitandani ikiwa imepumzika, na maumivu ya alfajiri kupungua kwa sababu hiyo. Magego yaliyolika hayaoti tena. Kwa hiyo rudi kwa daktari wa meno umuulize kuhusu kile kifaa cha kuvaa kwenye meno usiku. Hakizuii kusaga, kinakinga meno yasiliwe zaidi, na kwako hilo lina thamani. Mweleze pia dawa zote unazokunywa, kwa sababu baadhi ya dawa za sonona huongeza kusaga meno. Usiache dawa yoyote mwenyewe. Kahawa ya kukuweka macho usiku wa sare ipunguze kuanzia alasiri. Na kama unatafuna mirungi ili usilale, taya halitapumzika kwa zoezi lolote nitakalokupa.

Hospitali uende bila kungoja wiki zangu mbili ikiwa taya linauma pamoja na kifua kubana, mkono kuuma, jasho jembamba au pumzi kukatika, hasa ukipanda ngazi au kubeba mzigo, maana moyo nao huweza kuuma kupitia taya. Nenda siku hiyohiyo kama mdomo unakataa kufunguka baada ya kujeruhiwa, hata kidonda kidogo cha msumari au sindano, kwa ajili ya pepopunda. Uvimbe na homa ni dalili ya jino lenye usaha, na zoezi halifai kitu hapo. Ganzi inayoshuka mkononi au mkono kuishiwa nguvu inahitaji shingo ipimwe. Na kama nyumbani yupo mtu aliyevuka miaka 50, akaanza maumivu mapya ya panja yanayozidi akitafuna, au macho yanaingia giza, asidhani ana shida kama yako. Apelekwe haraka, kwa kuwa kuna ugonjwa wa mishipa ya damu ya panja unaoweza kumpofusha.

Limebaki lile la usiku. Ukishtuka saa tisa umeyabana meno, usianze hesabu za kodi hapohapo, na usifanye zoezi zima. Lala chali au ubavu, mto uwe wa kujaza nafasi ya shingo tu. Tamka n bila sauti, acha meno yaachane. Kunja ngumi moja kwa nguvu ndogo, saba, acha. Pandisha bega la upande huohuo, saba, acha. Kisha upande wa pili. Usitafute usingizi wakati huo. Tafuta tu mahali ambapo bado umeshika. Ukimaliza pande zote mara mbili na bado uko macho, ondoka kitandani, kaa kwenye kile kiti chako cha ukutani bila kuwasha simu, ufanye mabega na taya polepole mpaka macho yawe mazito, ndipo urudi kulala.